Dokta, Unaweza Kunikatalia

Ujumbe huingia kwenye WhatsApp saa tatu usiku, na mara nyingi huja kwa vipande. Kwanza: "Shikamoo Dokta." Basi, hakuna kingine. Ukinyamaza, salamu inabaki inaning'inia hapo kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Ukiitikia "Marahaba, hujambo?", mwenzako ameshajua kwamba upo na simu iko mkononi. Dakika moja baadaye kinafuata kipande cha pili:

"Samahani Dokta, mimi ni mwanafunzi wako wa zamani. Naomba unisaidie barua ya mapendekezo, kuna skolashipu naomba ya uzamili Ujerumani. Mwisho wa kutuma ni keshokutwa. Wewe ndiye tegemeo langu, naamini hutaniangusha. Mungu akubariki sana."

Nimefundisha chuo kikuu kwa muda wa kutosha kuupokea ujumbe wa namna hii zaidi ya nilivyoweza kuhesabu, na ujanani niliwahi kuuandika mwenyewe, kwa kalamu. Siwezi kusema hauna adabu. Una salamu, una samahani, una dua. Kinachokosekana ni kingine: mwandishi hajasema yeye ni nani wala nimwandikie nini, hajaniachia muda, na amenifungia kila pa kutokea. Hilo la mwisho ndilo waombaji wengi hawalifikirii kabisa, nami naamini ndilo linaloharibu barua nyingi kuliko hayo mawili ya kwanza.

Tuufuatilie ujumbe huo hadi ugeuke kuwa ombi linalojibika. Mwombaji wetu nimemtunga kwa kuwaunganisha wengi. Ni binti aliyehitimu uhandisi wa mazingira mwaka 2021, na tangu Januari 2022 anafanya kazi katika mamlaka ya maji ya mji mdogo. Anaomba kozi ya uzamili kupitia EPOS, mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma. Mpango huo hutaka mwombaji awe amefanya kazi angalau miaka 2, na kwa kawaida shahada yake ya mwisho isiwe imepitwa na zaidi ya miaka 6. Maombi hupelekwa kwenye kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe zake na masharti yake ya barua.

Masharti hayo ya miaka yana matokeo ambayo mwombaji haoni. Kwa kuwa ni lazima awe ametoka chuoni na kufanya kazi, mhadhiri anayeombwa barua hajamwona kwa miaka mitatu au minne. Katika muda huo mhadhiri amefundisha madarasa mengine mengi, amesahihisha karatasi kwa marobota, na huenda amebadilisha ofisi. Binti anamkumbuka mwalimu wake vizuri kwa sababu walimu wake walikuwa wachache. Mwalimu hamkumbuki hivyo, na si kwa dharau. Ombi lililoandikwa kana kwamba wote wawili wana kumbukumbu ileile linaanza kwa kuteleza.

Kuna jambo la lugha pia ambalo huwachanganya watu. Kwenye wasifu wetu wa kazi tumezoea kuandika "wadhamini" kwa wale watu watatu wa mwisho wa ukurasa. Lakini mdhamini, kwa sikio la Mswahili, ni yule anayemtoa mtu polisi au anayetia sahihi fomu ya mkopo: ukishindwa wewe, analipa yeye. Anayeandika barua ya mapendekezo hadhamini chochote. Kazi yake ni ya shahidi: anasema alichokiona, basi. Wala barua hii haihusiani na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa, inayothibitisha kwamba mtu anaishi mahali fulani. Ukishaelewa kwamba unaomba ushahidi, utajua la kumpa shahidi wako: vitu vya kumrudisha kwenye siku aliyokuona.

Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha. Hutuma wasifu wa kurasa nne, vyeti vya semina, picha ya mahafali, na tuzo waliyoipata kazini mwaka jana. Mhadhiri hawezi kushuhudia tuzo ya mwaka jana. Akiitaja, atakuwa anarudia tu kilichomo kwenye wasifu, na kamati ya uteuzi tayari inao wasifu huo. Kinachomfaa ni kile alichokiona kwa macho yake, kikiambatana na mwaka, jina la somo na alama, ili asihangaike kutafuta kwenye makabati.

Binti wetu alifanya utafiti wa mwaka wa mwisho juu ya floraidi kwenye maji ya visima katika vijiji vya Arumeru. Anayezijua sehemu za miteremko ya Meru anajua kwa nini: miamba ya volkano huachia floraidi nyingi ndani ya maji, na meno ya kahawia ya wenyeji yanasimulia hayo kabla ya maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Alichukua sampuli za visima 24. Siku moja aliingia ofisini kwa mhadhiri akasema sampuli 8 za mwanzo zimetoa namba asizoziamini, kwa sababu asubuhi ile hakukihakiki kipimo kwa kimiminika chenye kiwango kinachojulikana kabla ya kuanza kupima. Mhadhiri alikuwa hajagundua. Binti alirudi Arumeru kwa nauli yake, akachota upya, akapima upya, na kwenye ripoti akaeleza kosa lenyewe badala ya kulifukia.

Hiyo ndiyo barua. Sentensi tano kuhusu sampuli 8 zilizorudiwa zinamweleza mtu wa Ujerumani mambo ambayo "ni mwanafunzi hodari, mwaminifu na mchapakazi" haiwezi kumweleza. Mhadhiri anaweza kuwa amelisahau tukio hili kabisa, lakini akikumbushwa kwa mistari mitatu litarudi lote, pengine hadi rangi ya ndoo ya sampuli. Kwa hiyo ombi liwe na matukio mawili au matatu ya aina hiyo, kila moja kwa sentensi mbili tatu. Yakizidi hapo mhadhiri ataanza kuchagua, na kuchagua ni kazi nyingine uliyomwongezea.

Kuna namba moja ambayo waombaji wa Tanzania wanapaswa kumkumbusha mwandishi wao. GPA ya vyuo vyetu hupimwa kwa 5.0, na daraja la pili la juu ni kuanzia 3.5 hadi 4.3. Msomaji aliyezoea kipimo cha 4.0 akikuta "GPA 4.1" bila maelezo, atadhani ni kosa la uchapaji au majigambo. Andika "4.1 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na mwombe mhadhiri aandike vivyo hivyo. Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwalimu aliyekujua kwa jina la ubini wa baba ataandika hilo, na kama tangu hapo umeolewa ukabadilisha, au pasipoti imeongeza jina la babu, karatasi zitaonekana ni za watu wawili.

Sasa muda. "Keshokutwa" ina kasoro ambayo haihusu uvivu wa mhadhiri. Barua inayotakiwa hapa ni ya karatasi yenye nembo ya chuo, tarehe, sahihi na muhuri. Kuiandika kunaweza kuchukua saa moja na nusu. Muhuri ni habari nyingine: katika idara nyingi unakaa kwa katibu wa mkuu wa idara, na katibu ana siku zake. Kisha kuna kuskani na kutuma. Wiki nne ni muda wa kiungwana, wiki tatu zinavumilika, na chini ya mbili unaomba fadhila ya dharura, basi useme hivyo waziwazi.

Tuseme kozi inafunga tarehe 15 Oktoba. Mtanzania anayepanga kalenda yake ataona mara moja kwamba tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa, muhuri umefungiwa ndani. Ukiongeza tofauti ya saa unapata mtego mwingine. Mifumo mingi ya maombi huandika saa 23:59 bila kusisitiza ni za wapi. Saa hiyo ya Ujerumani katikati ya Oktoba ni 00:59 kwetu, yaani karibu saa saba usiku, na kama tarehe ya mwisho iko wakati wa baridi inasogea hadi 01:59. Inaonekana kama nyongeza ya muda, kumbe ni kishawishi cha kusubiri saa ambayo hakuna katibu wala umeme wa uhakika.

Kwa hiyo ombi linahitaji tarehe mbili za barua, na zote za kweli. Ya kwanza ni ile ya kozi, 15 Oktoba. Ya pili ni ile unayoiomba wewe, Ijumaa 10 Oktoba, ukieleza kwa nini: kuna sikukuu katikati, na unataka nafasi ya kushughulikia hitilafu. Nawajua watu wanaoitaja ile ya mapema peke yake, wakimwambia mhadhiri ndiyo ya mwisho. Mbinu hiyo hufaulu mara moja. Mhadhiri akifungua tovuti ya kozi kutafuta anwani ya kuandikia, atakuta tarehe halisi, na kuanzia hapo hataamini tarehe yoyote yako.

Lakini tarehe muhimu kuliko hizo mbili ni ya tatu, ambayo karibu kila ombi linaikosa: tarehe ya kujibu ndiyo au hapana. Barua inahitaji wiki nne. Jibu halihitaji zaidi ya wiki moja. Ombi likitumwa Jumatatu tarehe 1 Septemba, jibu liombwe kufikia Jumatatu tarehe 8. Mhadhiri akisema hapana siku hiyo, binti bado ana wiki tano za kumwendea mwingine. Bila tarehe hiyo, hapana ya mhadhiri haina siku ya kuzaliwa. Inajitokeza yenyewe tarehe 14 Oktoba jioni, kwa njia ya simu isiyopokelewa.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mlango.

Kwetu, kumkatalia mtu aliyekuamkia ni kazi nzito. Mwalimu ni mzazi, mwanafunzi ni mtoto, na mtoto aliyeomba kwa heshima harudishwi mikono mitupu. Kwa hiyo mhadhiri asiyeweza, au asiyetaka, hasemi hapana. Husema "Sawa, nikumbushe wiki ijayo." Husema "Tutaangalia." Husema "Nitumie wasifu wako kwanza," na wasifu ukifika, kimya. Sisi wenyewe tunaelewa kwenye mambo mengine kwamba "tutaangalia" ni hapana iliyovaa kanzu, lakini tukiwa na shida tunajisahaulisha na kuisikia kama ndiyo.

Mhadhiri aliyebanwa ana njia mbili za kutoka, na zote zinamwumiza mwombaji. Ya kwanza ni kuchelewa. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani: anaandika barua baridi. "Ninathibitisha kwamba mtajwa hapo juu alikuwa mwanafunzi katika idara yetu. Alihudhuria vipindi na alikuwa na tabia njema. Ninampendekeza kwa kozi aliyoomba." Hakuna neno baya ndani yake. Kamati ya uteuzi inayosoma barua nyingi kwa siku huielewa barua hiyo vizuri sana: mwandishi hamjui mwombaji, au anamjua na ameamua kunyamaza. Mwombaji atakosa nafasi na hatajua kamwe kwa nini, maana mara nyingi barua haipiti mikononi mwake. Kwenye maombi ya vyuo vya Marekani huulizwa hata kama anaachia haki yake ya kuisoma, haki inayotokana na sheria yao ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi, na wengi huiachia ili barua iaminike.

Kwa hiyo kumrahisishia mtu kukataa si unyenyekevu wa kupitiliza. Ni kichujio. Unamwondoa anayetaka kuandika barua baridi kabla hajaiandika.

Sasa rudi kwenye ujumbe wa mwanzo uone jinsi maneno yake mazuri yanavyofunga milango, mmoja baada ya mwingine. "Wewe ndiye tegemeo langu" inasema hakuna mwingine, hivyo ukikataa umeniua. "Naamini hutaniangusha" imeshageuza kukataa kuwa usaliti. "Keshokutwa" inamnyima hata nafasi ya kusema "muulize fulani". Na ile "Shikamoo" iliyotangulia peke yake imemfanya aitikie kabla hajajua anaitikia nini. Salamu iwepo, hakuna anayesema iondolewe, ila iwe kwenye ujumbe uleule wenye ombi, ili mtu aitikie vyote pamoja au akae navyo hadi apate nafasi.

Simu nayo? Wazee wengine huona kuandikiwa ombi kubwa bila kupigiwa ni utovu wa adabu, nami siwabezi. Lakini sauti ya moja kwa moja ndiyo mlango uliofungwa kuliko yote, kwani mtu ana sekunde mbili za kuamua. Suluhisho ninaloliona linafaa ni kutuma barua pepe kamili, kisha ujumbe mfupi wa simu wa kujulisha tu: "Shikamoo Dokta. Nimekutumia barua pepe yenye ombi la barua ya mapendekezo. Uisome utakapopata nafasi." Adabu imetimia, na uamuzi umeachwa ufanyike mbali na sauti yako.

Maneno ya kufungua mlango yanahitaji uangalifu. "Kama uko bize usijali" hayatoshi, kwa sababu kila mtu yuko bize na mwenye kukataa bado anatakiwa atoe udhuru. Yanayofanya kazi yana sehemu tatu. Unauliza swali ambalo hapana yake haina aibu: si "Utanisaidia?", bali "Unaona unanikumbuka vya kutosha kuandika barua yenye uzito?" Kutokumkumbuka mtu si uchoyo, ni ukweli tu, na mhadhiri anaweza kuusema bila kujiona mbaya. Kisha unampa maneno ya kukatalia, mafupi kabisa, bila sababu. Kisha unamwonyesha kwamba hapana yake haitakuacha njiani, kwa kumtaja kwa cheo mtu mwingine unayeweza kumwomba. Kuna anayehofia kwamba kumtaja mwingine kutamfanya mhadhiri ajione wa akiba. Inawezekana. Hata hivyo naona hasara hiyo ni ndogo kuliko ya mhadhiri anayekubali kwa kuogopa kukuacha mikono mitupu.

Hivi ndivyo ombi linavyokuja baada ya kufumwa upya. Kichwa cha barua pepe kinasema: "Ombi la barua ya mapendekezo ya uzamili: jibu kufikia 8 Septemba, barua kufikia 10 Oktoba."

"Shikamoo Dokta. Mimi nilihitimu uhandisi wa mazingira mwaka 2021. Ulinifundisha Ubora wa Maji mwaka wa tatu (nilipata A), na ulisimamia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho juu ya floraidi katika visima vya Arumeru (B+). Sasa nafanya kazi mamlaka ya maji, kitengo cha ubora.

Naomba uzamili wa usimamizi wa maji nchini Ujerumani kupitia mpango wa EPOS wa DAAD. Kozi inataka barua moja ya mhadhiri, na imeeleza izungumzie uwezo wa utafiti na namna mwombaji anavyofanya kazi na wenzake. Nauliza kama unaona unanikumbuka vya kutosha kuniandikia barua yenye uzito juu ya mambo hayo.

Ili kukurahisishia kukumbuka: mimi ndiye niliyekuja kukueleza kwamba sampuli 8 kati ya 24 hazikuaminika kwa sababu sikuhakiki kipimo, nikarudi kuzichota upya. Pia niliongoza kundi la watu 5 katika zoezi la mtambo wa kuchuja maji, ambapo wawili kati yetu walitofautiana na ulituita ofisini.

Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, yenye tarehe, sahihi na muhuri, isiyozidi kurasa 2, kwa Kiingereza, ielekezwe kwa kamati ya uteuzi ya kozi. Kozi inafunga Jumatano 15 Oktoba. Kwa kuwa tarehe 14 ni sikukuu, naomba kuipata ikiwa imeskaniwa kufikia Ijumaa 10 Oktoba. Nikipata ruhusa yako nitafuatilia muhuri kwa katibu mwenyewe.

Kama kwa sababu yoyote haitawezekana, neno moja 'Sitaweza' linatosha, bila maelezo; mhandisi aliyenisimamia mafunzo kwa vitendo anaweza kuombwa pia kama kozi itaridhia, na mhadhiri wa takwimu ananifahamu. Naomba jibu kufikia Jumatatu 8 Septemba. Nisipopata jibu siku hiyo nitaelewa kwamba ratiba haikuruhusu, na nitamwomba mwingine bila kinyongo.

Nimeambatisha wasifu wa ukurasa mmoja, matokeo yangu ya chuo (GPA 4.1 kati ya 5.0, daraja la pili la juu), na rasimu ya maelezo yangu ya maombi. Jina langu kwenye barua liwe kama lilivyo kwenye wasifu, ndilo la pasipoti."

Si fupi. Lakini mhadhiri anayesoma aya mbili za kwanza anaweza kujibu, na zilizobaki ni za kurejea siku ya kuandika. Angalia pia kwamba hakuna dua wala sifa kwake. Zinaweza kuongezwa baada ya jibu, zikiwa shukrani. Kabla ya jibu huwa malipo ya awali, na malipo ya awali humfunga mtu.

Sentensi ya kimya, ile ya "nisipopata jibu", ndiyo wanafunzi wangu huipinga sana. Wanasema ni ya ukali, kama ya benki. Mimi naiona ni ya upole kuliko zote, kwa sababu inamruhusu mtu asiyependa kusema hapana aiseme kwa kunyamaza. Upungufu wake ni huu: barua pepe inaweza kuangukia kwenye folda ya barua taka, na kimya kikawa cha mashine. Kwa hiyo siku moja kabla, tarehe 7, ujumbe mmoja wa simu unaruhusiwa: "Shikamoo Dokta, nahakikisha tu kama barua pepe yangu ya tarehe 1 ilikufikia. Kama ilifika, haina haja ya kunijibu leo." Tarehe 8 ikipita, mwache.

Kosa lingine huharibu kazi yote hii kwa kubonyeza mara moja. Mifumo mingi ya vyuo na skolashipu haipokei barua mkononi mwa mwombaji. Unajaza jina na barua pepe ya mwandishi, na mfumo unamtumia kiungo. Mara nyingine kiungo huondoka papo hapo. Mwombaji anayejaza jina la mhadhiri "ili kuokoa muda" kabla ya kuulizia, amemwingiza mtu kwenye orodha kabla hajakubali, na kumbadilisha baadaye kunaweza kuwa shida au kutowezekana. Jibu la ndiyo kwanza, jina kwenye mfumo baadaye. Na utumie anwani ya chuo ya mhadhiri, kwa kuwa baadhi ya kamati hazipendi anwani binafsi, kisha umwambie ujumbe utatoka kwa nani, ili autafute kwenye barua taka.

Kuna jibu moja ambalo halimo kwenye ndiyo wala hapana, na kwetu ni la kawaida: "Andika mwenyewe, nilete nisaini." Wakati mwingine mhadhiri ana nia njema na amezidiwa. Wakati mwingine ni "sitaweza" iliyokosa mlango. Tatizo la barua hiyo ni sauti: maelezo ya mwombaji na barua ya mhadhiri vinakuwa na sentensi zinazofanana, na wasomaji wa kamati si vipofu. Zipo kamati zinazokataza jambo hilo moja kwa moja. Binti wetu anaweza kujibu: "Asante Dokta. Nimekuandalia nusu ukurasa wa kumbukumbu zenye tarehe na alama, lakini naona maneno yenyewe yawe yako. Kama muda umebana, nitaelewa ukisema sitaweza." Mlango umefunguliwa mara ya pili. Asipoandika sasa, ni vizuri kujua.

Mhadhiri akikubali, kumbusho moja linatosha, tarehe 3 Oktoba, nalo lisiulize "imefikia wapi?" bali lirudie tarehe na kuambatisha nyaraka upya, ili asizitafute kwenye barua za mwezi uliopita.

Na akisema hapana? Nimewahi kupokea ombi lililoandikwa karibu na hili, kutoka kwa kijana niliyemfundisha muhula mmoja tu, darasa la watu zaidi ya mia. Nilijaribu kumkumbuka, sikuweza. Zamani ningeandika ile barua ya vipindi na tabia njema. Safari hii alikuwa amenipa neno, nikalitumia: "Sitaweza." Nilipokwisha kuliandika niliona nimebaki na nafasi ya kuongeza mstari mmoja, kwa kuwa sikuwa nimeitumia kujitetea. Nikaongeza: "Mtafute fundi mkuu wa maabara. Kwenye kumbukumbu zako umeandika kwamba ulirudi jioni tatu kurudia kipimo. Yeye ndiye aliyekuwa anakufungulia mlango. Iulize kamati kama inapokea barua yake pamoja na sahihi ya mkuu wa idara."

Alijibu baada ya dakika kumi: "Nashukuru Dokta kwa kuniambia mapema. Naenda kumwona kesho asubuhi."